Herufi Mia Tatu kwa Ravneet

Kila kitu kiliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne Oktoba, mwaka wa elfu mbili na nane, saa nne asubuhi. Saa hiyo Wahome alikuwa akipanda mbio ngazi za hospitali, mkononi kakamata dawa ya sukari aliyoinunua mjini, imefungwa kwenye gazeti na barafu. Alipofika wodini akakuta kitanda cha mkewe kimeshatandikwa upya. Shuka jeupe, limenyooka kabisa.

Dawa ya hospitali ilikuwa imemwagwa yote Jumatatu. Friji ilizima Jumamosi usiku ikakaa hivyo mpaka Jumatatu asubuhi. Wahome alipouliza ilikuwaje, nesi alimjibu bila kumtazama usoni: "Mzee, Jumapili hakuna mtu wa kuangalia friji."

Basi. Jibu lilikuwa hilo. Hakuna mkubwa aliyeitwa, hakuna aliyefutwa. Wahome alizika mke, akarudi Muthangari kukata nyasi za watu, na tangu siku hiyo hakuwahi kumaliza kikombe cha chai bila kuwataja wakubwa. Mvua ikikosa, wakubwa. Stima ikipotea, wakubwa. Hata jirani alipovunjika mguu kwenye mtaro, Wahome alisema, "Huo mtaro uliachwa wazi na nani? Si wao?"

Binti yake Waithera yeye hakusema kitu. Mwaka uliofuata alimaliza diploma ya usimamizi wa stoo, akafanya miezi sita ya mafunzo kwenye zahanati moja ya Kangemi, bila mshahara. Wahome alimwita "maitu", mama yangu, kwa sababu alikuwa amerithi jina la nyanya yake, na pia kwa sababu siku hizo yeye ndiye aliyempikia.

Ijumaa moja ya Septemba, mwaka huo huo, wa mgao wa stima, Waithera alikata tangazo kwenye gazeti. Ghala la dawa linatafuta karani wa stoo. Maombi yatumwe kwa barua pepe ya Ravneet, mama wa ofisi ya kutafutia kampuni wafanyakazi, huko katikati ya mji. Mwisho wa kutuma ni siku hiyo hiyo.

Wahome aliomba ruhusa ya nusu siku akaenda naye kwenye saiba ya Kilonzo, chumba cha kompyuta za kukodi karibu na soko. Hakuwa ameingia saiba maishani. Alikaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya binti yake, kofia magotini, kama mtu aliye kwenye kanisa la wengine.

Waithera alituma barua na vyeti vyake. Kitu kikazunguka kwenye kioo, kikakoma.

"Imeenda," akasema.

"Imeenda wapi?"

"Kwake, Baba. Imefika."

Wahome alitazama mlangoni, kana kwamba angeona vumbi la kitu kilichopita. "Sasa hivi? Na hatujainuka?"

"Na za wengine pia zimefika," Kilonzo akadakia kutoka kwenye meza yake. Alikuwa kijana mwembamba, hakosi neno. "Leo tu nimetuma kumi na mbili za kazi hiyo hiyo. Hiyo imeli ya huyo mama saa hii imejaa kama gunia ya sukuma. Sistee, mtafute kwa ule mtandao wa watu wa kazi. Mwandikie kanoti. Angalau akiona jina lako kwa barua, atasema, huyu nishamwona."

Waithera alikuwa na ukurasa wake huko, alifunguliwa na daktari wa zahanati. Akaandika jina la Ravneet. Na hapo ndipo Wahome alipoinuka kwenye kiti.

Alikuwa ni yeye mwenyewe. Picha yake, nywele zimefungwa nyuma, miwani, anatabasamu. Kazi yake, shule aliyosoma, miaka aliyokaa kila mahali. Kando ya jina palikuwa na namba tatu.

"Hiyo tatu ni nini, maitu?"

"Ni umbali. Mimi namjua daktari. Daktari anamjua mtu fulani. Huyo mtu anamjua Ravneet."

Wahome alihesabu kwa vidole. Daktari, huyo fulani, basi, mkubwa. Miaka ishirini na minane alikuwa Nairobi. Alikuwa amesimama kwenye mageti ya Eneo la Viwanda na bahasha mkononi mpaka bahasha ikalowa jasho. Alijua rangi ya kila geti. Ya ndani hakuyajua hata moja. Na kumbe muda huo wote, kati ya nyumba yake na mkubwa kulikuwa na watu wawili tu!

"Na askari wa geti yuko wapi humu ndani?" akauliza polepole.

Kilonzo alicheka mpaka akashika meza. "Mzee, hapa hakuna askari!"

Lakini alikuwepo. Waithera alipobonyeza pa kuomba kuunganishwa, kidirisha kilifunguka kikauliza: Unamjuaje mtu huyu? Chini yake majibu ya kuchagua. Mlifanya kazi pamoja. Mlisoma pamoja. Mlifanya biashara. Rafiki. Wengineo. Simjui.

"Ndiye huyo askari," Wahome akasema, karibu afurahi. "Nilijua tu."

"Weka rafiki," Kilonzo akashauri. "Kila mtu huweka rafiki, si kitu."

Kidole cha Waithera kilikwenda kwenye rafiki. Wahome akamshika mkono. Hakumshika kwa nguvu, lakini mkono wa mtu wa jembe ni mzito.

"Maitu, wewe na huyo mama mmekunywa chai wapi?"

"Baba, ni jina tu la kubonyeza."

"Kazi zote za nchi hii huchukuliwa na marafiki wa mkubwa. Mimi nimewatukana hao marafiki tangu sijakuzaa. Leo nikuone na macho yangu ukijiandika?"

Kijana wa mashine ya tatu aligeuka kutazama.

"Mzee ana pointi," Kilonzo akakubali, akikuna kichwa. "Huyo mama akiona rafiki na hakujui, anaweza kubonyeza kwamba hakujui. Wakikukana watu kama watano hivi, mtandao unakufungia, ukitaka kuomba mtu mwingine lazima uwe na imeli yake. Lakini ukiweka 'simjui', inakataa papo hapo. Na ukiweka 'wengineo' inataka imeli yake saa hii."

Wahome aliingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa kile kipande cha gazeti. Alikuwa amekikunja mara nne na kukiweka pamoja na kitambulisho. Akakinyoosha mezani kwa kiganja. "Si ni hii?"

Waithera alichagua 'wengineo', akainakili ile imeli herufi moja moja. Kidirisha kikaikubali.

"Aki mzee!" Kilonzo akapiga makofi. "Umempita askari na kibali mkononi!"

Sasa ikabaki noti yenyewe, na hapo walibishana. Wahome alitaka aanze na Mheshimiwa, nakuja mbele yako nikipiga magoti. Alitaka kifo cha mkewe kiingie, na nesi, na friji, na wale wakubwa waliolala Jumapili huku watu wanaoza pamoja na dawa. Alisema yote kwa pumzi moja, sauti ikipanda, na Waithera, mtoto mwenye heshima, akaandika kama alivyoambiwa. Katikati ya neno mashine ikagoma. Akabonyeza, ikagoma.

"Imejaa, Baba. Ni herufi mia tatu tu, na nafasi zinahesabiwa. Hata hatujafika kwa nesi."

"Herufi mia tatu! Nani ameamua hivyo?"

"Wakubwa," Kilonzo akasema, na kijana wa mashine ya tatu akaangua kicheko. Wahome mwenyewe, bila kupenda, mdomo ulimcheza.

Waithera alifuta yote. Akaandika upya kwa Kiingereza, anafuta hapa, anarudisha pale, halafu akamsomea baba yake kwa Kiswahili, sauti ya chini:

"Habari Ravneet. Nimetuma maombi ya ukarani wa stoo leo asubuhi. Kwa miezi sita nilipima joto la friji ya chanjo ya zahanati yetu asubuhi na jioni, nikaliandika, Jumapili pia. Hakuna dozi iliyoharibika, hata wakati wa mgao wa stima. Ningefurahi kuunganishwa nawe. Asante, Waithera Wahome."

Wahome alikuwa ameziona asubuhi zile za Jumapili. Binti anatoka kabla ya kanisa, anarudi, anatoka tena jioni. Alidhani ana mchumba. Alikuwa hata amejiandaa kumuuliza huyo kijana ni wa nani.

"Mama hayumo," akasema mwishowe.

Waithera hakugeuka. "Yumo, Baba."

Akabonyeza. Ikaenda.

Jumatatu jioni, Wahome alipotoka Muthangari na majani bado kwenye suruali, alipitia saiba moja kwa moja. Waithera alikuwa ameshaketi, hajagusa kitu, anamngoja. Kilonzo naye alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mara hii hana utani.

"Amekubali," Waithera akasema. "Na ameandika."

Namba ya kando ya jina ilikuwa imebadilika. Ilikuwa tatu, sasa ilikuwa moja. Wahome aliitazama ile moja muda mrefu. Hakuna daktari, hakuna fulani. Yule mama wa miwani upande ule, na upande huu mtoto wa mkata nyasi, na katikati hakuna mtu. Akavua kofia.

"Soma, maitu."

Waithera akasoma, akitafsiri taratibu. Ravneet alishukuru kwa noti fupi na ya kweli. Alikuwa na maombi mia nne na kumi mezani, na kesho asubuhi angechagua watu sita wa kuitwa. Barua ya Waithera alikuwa ameitafuta katikati ya zile nyingine akaisoma. Jambo moja tu hakulielewa, na angependa kulijua kabla hajachagua. Alikuwa ameshaajiri watu wa stoo miaka tisa, na hajawahi kumwona mwanafunzi wa mafunzo, asiyelipwa, akienda kazini Jumapili.

Waithera alimaliza kusoma, akavuta kibodi karibu. Vidole vyake vilikuwa juu ya herufi, havishuki. Akageuka akamtazama baba yake, kama alivyokuwa akimtazama alipokuwa mdogo na hajui njia.

Wahome alifungua mdomo. Mwaka mzima alikuwa amebeba maneno ya kumwambia mkubwa yeyote atakayeuliza, maneno ya kujaza wodi. Na sasa mkubwa ameuliza, kwa adabu, anangoja. Lakini aliona shuka jeupe tu, limenyooka.

Nje walikuwa wakifunga vibanda vya soko. Kilonzo alisogea, akazima redio. Kwenye kioo, chini ya ile picha inayotabasamu, kamstari kadogo kaliwaka na kuzima, kaliwaka na kuzima, na juu yake mstari wa mwisho wa Ravneet ulikuwa bado pale:

"Nani alikutuma uende Jumapili?"