Mshahara wa Kumuosha Mama

Mama alipofariki, Mshonaji alikaa wiki kadhaa bila kujua afanye nini na mikono yake. Kwa miaka mingi ilikuwa imezoea kumgeuza, kumlisha, kumpaka mafuta mgongoni asipate vidonda. Mwishowe akakivuta cherehani chake kutoka chini ya kitanda, akakifuta vumbi, akaenda kuomba kazi ya kushona sare katika shule ya jirani.

Mwalimu mkuu aliipenda kazi yake. "Niletee tu cheti cha kodi kwamba hudaiwi," alimwambia, "tuandikiane mkataba."

Akaenda ofisi ya kodi akiwa na moyo mweupe. Atadaiwa nini mtu ambaye hajafanya kazi miaka yote hiyo?

Afisa aliyempokea alikuwa mwanamume mpole mwenye mafua, leso haimtoki mkononi. Alikuwa ameomba taarifa zake za benki, na sasa alizisoma polepole, kidole kikishuka mstari kwa mstari.

"Hizi pesa zinazoingia kila mwezi kutoka nje, zinatoka kwa nani?"

"Kwa dada yangu. Tuko wawili tu. Yeye anafanya kazi huko, anatunza wazee kwenye nyumba ya wazee."

"Basi usiwe na wasiwasi. Pesa ya ndugu kumsaidia ndugu haihesabiwi kuwa mapato hapa kwetu. Yeye mshahara wake ameshaukatia kodi huko huko anakoishi, na kutuma nyumbani hakumpunguzii yeye kodi wala hakukuongezei wewe." Akapenga mafua. Kisha kidole kikasimama. "Ila hapa mwanzoni sababu ya kutuma imeandikwa matumizi ya familia. Kuanzia hapa imeandikwa mshahara. Mshahara wa nini?"

Mshonaji aliinama. Alikijua kisa hicho kuliko jina lake.

Siku moja jirani mwenye maneno alimpigia Dada simu akamwambia kwamba Mama analala peke yake huku mdogo wake anashona magauni ya watu. Ni kweli alikuwa akishona, lakini katika chumba kile kile alimolala Mama, mguu kwenye cherehani na jicho kitandani. Dada hakutaka kusikia. "Kuanzia leo nakulipa," alisema, "kama ninavyolipwa mimi huku. Kazi yako ni Mama, basi. Nikisikia cherehani, nakata." Na kweli alikata. Mtoto wa rafiki yake alipofariki, Mshonaji alimwacha Mama na jirani akaenda kuzika. Mwezi ule pesa ilikuja pungufu, na ujumbe mfupi: "Hukuwa kazini."

"Alikuwa ananilipa nimtunze mama yetu, na nisipokuwepo anakata," Mshonaji alimwambia afisa.

Afisa aliiweka leso chini. "Hapo ndipo penye ugumu. Zawadi ni zawadi. Lakini mtu akikupa kazi, akakupangia malipo, na usipofanya anakata, hayo ni mapato ya kazi, hata kama mlipaji yuko ng'ambo na ni dada yako tumbo moja. Kazi umeifanyia hapa, kodi yake ni ya hapa. Na kwa kuwa mlipaji hayupo nchini wa kukukatia, ulipaswa kujaza ritani, ile fomu ya kueleza mapato yako, mwenyewe kila mwaka."

"Kwa hiyo nadaiwa?"

"Sitazami neno moja tu kwenye karatasi. Watu hubonyeza sababu yoyote ili pesa iende. Natazama ilivyokuwa kweli. Muombe dada yako aandike barua aeleze ilikuwa nini. Kama ni msaada, tunafunga. Lakini iwe kweli, maana mkinidanganya mtakuwa mmejiongezea kosa juu ya deni."

Hawakuwa wamezungumza tangu mazishi. Dada hakuja, kazini walimnyima ruhusa, akaangalia jeneza la mama yake kwenye kioo cha simu, picha inakatika inarudi. Mshonaji alimpigia akiwa amekaa kwenye kitanda kitupu cha Mama. Alipomweleza, Dada hakufikiri mara mbili.

"Nitaandika ilikuwa zawadi. Leo leo. Kwani watajuaje?"

"Ilikuwa zawadi, Dada?"

"Wewe unataka cheti au unataka kesi?"

"Nakuuliza tu. Ilikuwa zawadi?"

Nyuma ya Dada ilisikika sauti ya mzee anayeita, na kengele.

"Haikuwa," Dada alisema mwishowe. "Ulikuwa mshahara. Nilitaka uwe mshahara."

"Mimi ndugu yako?"

"Sikiliza, mdogo wangu. Mimi huku nawaosha mama za watu. Nawachana nywele, nawakata kucha, wananiita kwa majina ya binti zao. Kila nikimshika mmoja najiuliza, wangu anashikwa na nani? Nikaona nikikulipa, basi ni mimi. Wewe ni mkono tu, anayemuosha ni mimi. Ukimfanyia bure, kwa mapenzi yako, mimi nimebaki na nini?"

Mshonaji alitaka kumtukana. Miaka yote alikuwa amejiandalia maneno ya siku hii, makali, ya kumchoma. Yalipofika mdomoni yakageuka machozi.

"Alikuwa ananiita jina lako," alisema. "Miezi ya mwisho hakunitambua tena. Nikimuosha ananishukuru kwa jina lako. Sikukuambia kwa sababu niliona uchungu."

Upande wa pili Dada alilia kwa sauti, kilio cha msiba ambacho hakuwa amepata mahali pa kukilia. Kengele ililia tena, na tena, hakwenda.

Barua haikuandikwa ya uongo. Dada alieleza vilevile ilivyokuwa, na Mshonaji akaipeleka. Afisa alizitenga pesa katika mafungu mbalimbali: zile za mwanzo, msaada, hazikuguswa, zile za dawa, nepi na chakula cha Mama, zilizotumwa mbali na malipo yake, nazo hazikuguswa. Zilizobaki zilikuwa mapato. Juu yake kulikuwa na faini na riba ya kuchelewa.

"Naweza kukupangia ulipe kidogo kidogo," alisema, bila kumtazama usoni. "Dada yako akitaka kukusaidia kulipa, hiyo itakuwa zawadi. Haina neno." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Pole kwa mama."

Makubaliano ya kulipa kwa awamu yalichukua muda kupita ofisi hadi ofisi. Cheti kilipotoka, muhula ulikuwa umeshaanza, na sare zilikuwa zimeshashonwa na fundi mwingine. Mwalimu mkuu alimwomba radhi mlangoni, akamwambia ajaribu mwakani.

Sasa Mshonaji anapunguza suruali na kubadilisha zipu dirishani kwake. Kila mwisho wa mwezi anapeleka fungu lake la kodi, nusu yake, kwa kuwa nusu nyingine Dada anailipa. Mshonaji alikataa kwanza, kisha akachoka kukataa.

Jumapili Dada anapiga simu. Wanaulizana habari za mvua, za bei, za mgongo unaouma. Wanajifunza upya namna ya kuwa ndugu, na si rahisi, maana mtu wa kumuulizia hayupo tena. Wakati mwingine wote wananyamaza, simu ziko masikioni, na hakuna anayekata.