Kikao cha Kumvua Mzee Florian Uenyekiti

Jumapili tatu mfululizo, Mzee Florian, mwenyekiti wa kigango chetu cha Matiri, aliinuka kutoka kupiga magoti kwenye misa akapepesuka hadi kwenye kwaya. Kamati ikakaa kumvua uenyekiti kwa ulevi.

"Nimefunga Kwaresima, hata maji sinywi mpaka jioni," alijitetea.

"Hata walevi hawanywi maji," alisema katibu Henry, aliyekitaka kiti hicho.

Nesi Tumpe wa zahanati, naye mjumbe wa kamati, akamlaza mzee kwenye benchi dakika tano, akampima presha: 128 kwa 80. Akamsimamisha. Baada ya dakika moja, 98 kwa 66, na mzee anaona giza.

"Namba ya juu ikishuka ishirini tu mtu akisimama ni tatizo, hii imeshuka thelathini! Mzee wangu, kunywa maji ya kutosha, ukiamka kaa kwanza ndipo usimame, na uje tukuchunguze zaidi."

"Nesi kahongwa!" Henry akaruka juu kupinga. Naye alikuwa amefunga vilevile. Akayumba, akamwangukia Mama Aurelia wa kwaya.

"Katibu," mama akamuuliza, "tukulaze tukupime, au na wewe tukuandike mlevi?"

Siku hizi kwenye misa, Henry ndiye wa mwisho kuinuka.