Rudisha Nyuma Kidogo, Kihara

Katika chumba changu cha michezo, hapa Majengo ya Nyeri, unaweza kufungwa mabao saba na bado nikakuheshimu. Ukishika pedi zangu za kuchezea kwa mikono yenye mafuta ya mutura, ile soseji ya damu, hapo tutakosana. Naitwa Zabibu, wengi huniita Mama Safa, na nimekaa na wachezaji wa mpira wa televisheni muda wa kutosha kujua kwamba hakuna hata mmoja aliyewahi kufungwa kwa kosa lake. Kosa ni la pedi. Kosa ni la mtandao. Kosa ni la refa, ambaye ni mashine. Na wakicheza wawili wawili, basi mambo ni rahisi zaidi, kosa ni la mwenzako.

Kihara hukusanya maziwa ya wakulima wa Tetu kwa pikapu, na asubuhi ikikomaa huwa amemaliza kazi. Harun, mtoto wa kaka yangu, ni fundi wa kushona sare za shule. Hao wawili walikuwa wakicheza timu moja, kila mtu na pedi aliyojinunulia, dhidi ya watu wasiowajua mtandaoni. Ukishinda mechi za kutosha unapanda divisheni, ukishindwa unabaki au unashuka. Wao walikuwa wamekwama Divisheni ya Nne tangu mvua ya masika. Kila wakikaribia kupanda, mechi za mwisho ziliwarudisha pale pale.

Na safari hii kupanda kulikuwa na maana. Kulitangazwa mashindano ya wachezaji wawili wawili kule Nanyuki siku ya Jumapili, na timu haikubaliwi kama aliyeiandikisha hajafika Divisheni ya Tatu. Alhamisi walihitaji kushinda mechi moja tu. Walifungwa tatu kwa mbili. Kihara aliinuka, akamwelekezea Harun kidole mbele ya benchi zima la wateja, akasema, "Shida ni wewe. Kila bao linapitia kwako. Wewe ndio shimo ya hii timu."

Harun si mtu wa maneno. Aliweka pedi yake kwenye rafu, akavaa koti, akatoka. Kesho yake nikasikia kwamba Mwai wa Nanyuki, ambaye yuko Divisheni ya Pili na mwenzake amehamia Doha kikazi, amempigia Harun simu kumwomba wacheze pamoja. Majina yangefungwa Jumamosi jioni.

Iliniuma, sitaficha. Hawa wamekuwa pamoja tangu shule ya msingi. Kaka yangu alipofariki, Kihara alilala kwetu matanga yote, akibeba maji na kupanga viti kama mtoto wa nyumba ile. Halafu urafiki kama huo ufe kwa sababu ya wanasesere wanaokimbia kwenye kioo? Lakini mimi ni shangazi wa mmoja, na benchi linajua. Nikisema neno, wataniambia navuta kamba upande wangu. Nikawaachia wenyewe.

Jumamosi asubuhi, manyunyu yakiendelea na wateja bado wako kitandani, Kihara akaja na harufu yake ya maziwa.

"Mama Safa, si mashine yako hurekodi mechi?"

Hurekodi. Niliiweka hivyo baada ya watu kutaka kupigana juu ya bao ambalo mmoja alidai halikuwahi kufungwa. Mechi ikiisha nabonyeza, inahifadhiwa nzima.

"Nataka zile zetu tulipoteza," akasema. "Nitume kwa group. Watu waone mwenyewe ni nani ananirudisha chini. Niko na haki ya kujitetea."

Nilitaka kumfukuza. Badala yake nikamwekea, kwa sababu mtu akitaka kuona, mwache aone.

Ukitazama marudio, yule mchezaji anayeongozwa na Kihara ana alama nyekundu kichwani, na wa Harun ana ya buluu. Wengine wote huendeshwa na mashine, mpaka mmoja wao abonyeze kitufe na kuhamishia alama yake kwa mchezaji mwingine. Kihara alikuwa na namna yake ya kutazama. Anakimbiza video mpaka bao, anaisimamisha, anaonyesha kwa kidole. "Ona. Huyu mtu amefunga akiwa peke yake upande wa kulia. Beki wa kulia ako wapi? Ako huku katikati. Nani anamwongoza? Buluu." Bao la pili hivyo hivyo. Mechi nyingine, hivyo hivyo. Alirekodi vipande hivyo kwa simu, vifupi, akavituma kwenye kundi lao la WhatsApp, na vicheko vikaanza kuingia. Mimi nilikuwa nafuta pedi kwa kitambaa, nazifuta kwa hasira hata zile safi.

Kitu kimoja kilikuwa kikinikera. Mimi si mchezaji, lakini nimelea watoto. Mtoto akija analia amepigwa, huulizi nani alipiga mwisho.

"Kihara," nikasema, "huyo beki amefuata nini katikati?"

"Si ndio nakwambia? Hajui mahali pake."

"Mtu haachi mahali pake bila kuitwa na kitu. Rudisha nyuma kidogo."

"Ya nini? Bao ni hili."

"Bao ni mwisho wa maneno. Rudisha mpaka pale mpira ulipopotea."

Akarudisha huku akisonya. Tukaona mpira ukipotea katikati ya uwanja. Tukaona alama nyekundu ikiruka papo hapo juu ya beki wa kati, na beki yule akitoka mbio kumfuata mwenye mpira, mbali kabisa na wenzake. Mwenye mpira hakushtuka. Alimsubiri afike, akapenyeza pasi pale alipotoka. Nyuma yake pakabaki peupe kama shamba lililovunwa. Hapo ndipo buluu ikatoka kulia, ikakimbia kuziba. Pasi ya pili ikaenda kulia.

"Hiyo ni mtandao ilikuwa inakwama," Kihara akasema.

"Fungua nyingine."

Akafungua. Nyekundu juu ya beki wa kati, mbio, pasi, peupe, buluu inakuja kuziba. Akafungua mechi ya Alhamisi yenyewe. Mabao mawili kati ya yale matatu yalianza hivyo, na la tatu lilikuwa mkwaju wa mbali ambao hata malaika asingeuzuia. Wahenga walisema nyani haoni kundule, na huyu wangu alikuwa amewekewa televisheni kubwa.

Nilingoja nimwone akibisha. Hakubisha. Alirudisha video mara nyingi, na sasa hakuwa akitazama bao tena, alikuwa akitazama kile kialama chekundu tu. Uso wake ulikuwa umelegea. Nilimhurumia ghafla, na hasira zangu zote zikanitoka.

"Hapa huwa inafanya kazi," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Hapa kwako nikitoka na huyo beki, mtu hutupa mpira."

Ni kweli. Benchi langu lina desturi yake. Kihara akianza mbio, wote hupiga kelele, "Huyo amekuja! Amekuja!" na anayecheza naye, aliyekaa naye bega kwa bega, hubabaika akapiga mpira popote. Ndiyo maana hapa ni mfalme. Lakini mtu aliyekaa kwake Mombasa au Kampala halisikii benchi. Anaona beki anayekuja peke yake, basi, anapiga pasi.

"Nimekuwa nikicheza na kelele," Kihara akasema.

Ndipo akakumbuka simu. Akajaribu kufuta vile vipande, lakini vilikuwa vimeonwa, na chini ya vicheko palikuwa na jibu la Harun. Neno moja, "Sawa." Na hapo hapo nikasikia mlango, Harun mwenyewe ameingia na koti lililolowa, amekuja kuchukua pedi yake.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kidogo."

"Siwezi. Naenda Nanyuki, Mwai ananingoja."

Kihara akasimama mbele ya rafu. "Harun, kuja uone kitu."

"Nimeshaona. Group nzima imeona."

"Ile nilituma imeanzia mwisho. Kuja uone mwanzo." Akabonyeza. Alama nyekundu ikakimbia, pengo likabaki, buluu ikaja. "Huyo ni mimi. Na hii nyingine pia ni mimi. Ulikuwa unakuja kuziba shimo yangu, halafu nakuita shimo."

Harun hakuutazama mwanzo wala mwisho. Alikuwa akimtazama Kihara.

"Najua," akasema.

"Unajua aje?"

"Najua kutoka kitambo. Nilirekodi kwa simu yangu, nikaangalia nyumbani. Nikaona wewe hutoka, nikasema basi nitakuwa nikifunika."

"Na hukuniambia?"

"Wewe huambiwa?"

Kihara akaisimamisha video.

"Nisamehe," Kihara akasema. Halafu akachukua simu, akatuma kwenye kundi video ile ile kuanzia mpira ulipopotea, na chini yake akaandika, "Tazameni nyekundu. Ni mimi." Vicheko vikaanza upya, sasa juu yake, naye akaacha simu ilie.

"Usiende," akamwambia Harun.

"Nimeshampa Mwai neno langu, na jina limeandikwa." Harun akatazama saa ya ukutani. "Lakini niko na nafasi ya mechi moja."

Wakakaa. Kihara aliniomba kipande cha plasta. Akakibandika juu ya kile kitufe alichozoea kukibonyeza kubadilisha mchezaji, ili kidole kikigusa kikumbuke. Alichukua kiungo wa ulinzi, akamshusha mbele ya mabeki na kubaki naye, na mabeki wa kati akawaachia mashine. Mpira ulipopotea kidole chake kilienda mpaka kwenye plasta. Hakukimbia. Mpinzani alitazama kushoto, akatazama kulia, akarudisha mpira nyuma. Ikaisha sufuri kwa sufuri. Divisheni ni ile ile ya Nne.

Harun akainuka, akavaa koti. Mlangoni akageuka.

"Nimetazama mechi za Mwai, naye hutoka hivyo hivyo," akasema. "Kesho nitafunika tena."

"Mwambie," Kihara akasema. "Usinyamaze. Mwonyeshe kutoka mwanzo."

Harun akatikisa kichwa kukubali, akaenda zake kwenye manyunyu. Pedi yake aliiacha pale pale kwenye rafu, na mimi sikumkumbusha.

Wateja walianza kuingia, lakini Kihara hakutoka. Aliniomba nimwekee marudio ya ile sare. Nikamuuliza anatafuta kosa gani kwenye mechi isiyo na bao.

"Sitafuti kosa," akasema.

Nikachungulia juu ya bega lake. Alikuwa akitazama alama ya buluu. Ilikuwa imesimama upande wa kulia, mahali pake, mechi nzima, haina shimo la mtu la kwenda kufunika.