Asilimia ya Baiskeli

Nimefanya kazi nyingi maishani, na shule niliionja kidogo kidogo, darasa hapa, darasa pale. Ndiyo maana kiwandani waliniita Kiguu na Njia. Kile kilikuwa kiwanda cha vikombe vya udongo. Kazi yangu ilikuwa kugonga kila kikombe kwa kidole kinapotoka kwenye tanuri: kikilia vizuri kinapita, kikilia kama mtu mwenye mafua kinatupwa.

Asubuhi moja tangazo lilibandikwa ukutani: "Uharibifu umepanda kwa asilimia hamsini. Msimamizi wa tanuri aje ofisini saa nane."

Msimamizi wa tanuri alikuwa Mama Moto, mjane mwenye watoto watatu. Kufika saa nne watu walikuwa wameshamhukumu.

"Nusu ya vikombe!" alisema mpakiaji mmoja. "Havivunjiki hivyo. Vinatoka kwa mlango wa nyuma."

"Na ile baiskeli yake mpya?" akadakia mwenzake. "Wewe unadhani inabeba nini?"

Sitasema uongo, hata mimi nilimtazama kwa jicho la pembeni. Lakini vidole vyangu vilikataa. Nusu ya vikombe vikilia mafua, mimi ningekuwa wa kwanza kusikia. Nikafungua daftari langu la ukaguzi. Mwezi uliopita, katika kila vikombe mia, vibovu vinne. Mwezi huu, sita. Basi.

Nikamfuata Mama Moto kwenye tanuri. "Dada, nieleze. Sita ndiyo hamsini?"

"Kaka, mimi najua moto, hesabu sijui. Ninachojua ni hiki." Akatoa karatasi ya makubaliano mfukoni, imekunjwa mpaka imechoka. Nikasoma: "Uharibifu ukipanda kwa zaidi ya asilimia tano, msimamizi ataondolewa."

Hapo nikanusa kitu. Maana asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimebandika barua juu ya boksi la mteja, na barua ilisema: "Uharibifu umepanda kwa asilimia mbili tu." Sahihi ilikuwa ya meneja tuliyemwita Tai, kwa ajili ya ile tai yake nyekundu. Nikaibandua, pamoja na lile tangazo la ukutani.

Saa nane niliingia ofisini nyuma ya Mama Moto bila kualikwa. Tai alikuwepo, na Bibi, mwenye kiwanda, yuko kwenye kiti chake na miwani puani.

"Wewe mzee umeitwa na nani?" Tai akaniuliza.

"Na vikombe." Nikaweka tangazo, barua na ile karatasi ya makubaliano mezani. "Bibi, hivi vikombe ni vilevile. Mteja ameambiwa mbili, tanuri limeambiwa hamsini. Nani amedanganywa?"

"Hakuna," Tai akasema, ametulia tuli. "Kutoka nne hadi sita katika kila mia, tofauti ni pointi mbili. Na mbili ni nusu ya zile nne za mwanzo, yaani zimeongezeka kwa asilimia hamsini. Hesabu zote ni sahihi."

"Sahihi, lakini kila moja umeipeleka kwenye mlango wake," nikamwambia. "Na kwa hesabu ya hamsini, huyu mama angeondolewa uharibifu ukifika nne na robo. Katika vikombe elfu moja vilikuwa vikivunjika arobaini. Vikiwa arobaini na viwili yuko salama, vikiwa arobaini na vitatu hana kazi. Kikombe kimoja! Paka akipita tu, kwaheri."

Bibi alivua miwani. "Karatasi hii niliiandika mimi. Tano yangu ilikuwa kutoka nne hadi tisa."

"Basi Bibi asome mstari wa chini," Tai akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Mstari wa chini ulisema: "Akishusha uharibifu kwa asilimia ishirini, atapewa baiskeli." Mwaka jana Mama Moto alikuwa ameshusha kutoka nane hadi nne.

"Kwa pointi ameshusha nne, si ishirini," Tai akasema. "Baiskeli aliichukua kwa hesabu yangu hii ya nusu. Siku ile mbona hakulia?"

Mama Moto akatazama viatu vyake. Mimi nami nikamtazama yeye, shaka ikanirudia kidogo.

Bibi akaisoma karatasi tena, mstari wa juu na wa chini. "Huwezi kushusha ishirini kutoka kwenye nane," akasema. "Kwa hiyo pale chini nilimaanisha sehemu ya ile nane, na hapa juu pointi. Neno moja, mambo mawili. Kosa langu." Akachukua kalamu, kwenye ile tano akaongeza neno "pointi". "Mama, rudi kwenye moto wako. Wewe meneja, kaa. Nataka unieleze kwa nini mteja alipewa ndogo na huyu akapewa kubwa."

Kesho yake Mama Moto alikuja kazini kwa miguu, vumbi mpaka magotini.

"Dada, baiskeli iko wapi?"

Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. "Nimeificha kwa mama mkwe. Wasije wakaisoma tena ile karatasi."