Gunia Lililoshonwa Mara Mbili

Mwanatabu hakwenda sokoni Kongowea kununua mchele. Alikwenda kumkagua mkwe, kwa sababu mkwe si kitu cha kuuliza bei na kulipa. Lazima utie mkono ndani kabisa, mpaka kiwiko.

Mkwe mwenyewe aliitwa Riyadh, mwenye duka la mchele wa jumla, na arusi yake na Sumeya, bintiye Mwanatabu, ilikuwa imebaki wiki tatu. Walikuwa wamekubaliana kwamba upande wa mume ndio utakaoleta mchele wa karamu: magunia manne ya kilo ishirini na tano, basmati ya Pakistani, punje ndefu, chenga, zile punje zilizovunjika, zisizidi mbili kwa mia. Wazee walisoma fatiha, wakanywa kahawa, wakamsifu kijana: haendi disko, hatafuni miraa, ana lori. Mwanatabu, ambaye aliwahi kuolewa na mwanamume asiyekwenda disko na akajuta vilevile, hakutulia.

"Lori si tabia," alimwambia bintiye.

"Mama, wewe hata malaika akija kuniposa utamkagua mbawa kama ni zake."

"Nitamkagua. Siku hizi zipo za kukodi."

Basi Jumanne, alipomaliza kuuza vitumbua vyake pale Kisauni, akavaa ninja lake, yakabaki macho tu, akapanda tuk-tuk mpaka dukani. Riyadh alikuwa amemwona mara moja, siku ya posa, na siku hiyo Mwanatabu alisema neno moja tu: karibuni.

"Shikamoo, mama," akasema Riyadh kwa sauti ya asali. "Mchele wa nini? Wa pilau, wa biriani, au wa kila siku?"

"Marahaba. Nitajie bei kwanza," alijibu Mwanatabu, akakohoa kidogo ili sauti isijulikane.

Riyadh akamtajia kama anayesoma wimbo. Sindano ya Pakistani, chenga tano kwa mia, gunia la ishirini na tano ni elfu mbili mia saba. Sindano hiyo hiyo, chenga ishirini na tano kwa mia, elfu mbili mia tatu. Mchele wa Tanzania wenye harufu yake, elfu tatu mia saba na hamsini. Pishori ya Mwea, elfu nne na mia tano. Basmati ya biriani, chenga mbili kwa mia, elfu nne mia mbili na hamsini.

"Na kama mfuko haujanona, mama, basmati hiyo hiyo ipo ya kilo ishirini. Elfu tatu na mia sita tu."

"Tu?" Mwanatabu alikuwa ameshapiga hesabu kichwani. "Hiyo kubwa kilo inaniangukia mia na sabini. Hii ndogo, mia na themanini. Kwa hiyo asiye na pesa ndiye anayelipa kumi zaidi?"

"Gunia dogo lina gharama zake, mama."

"Nami nina macho yangu. Nionyeshe hilo la ishirini na tano."

Wafula, mbebaji wa dukani, akalibwaga gunia chini. Riyadh akalichoma kwa bambo, kile chuma chenye mfereji, punje zikateremka mpaka kwenye sinia. Mwanatabu akahesabu punje mia. Kila isiyofika robo tatu ya mwenzake mzima akaisukuma kushoto. Kushoto kukajaa thelathini na nne.

"Umesema mbili kwa mia."

"Bambo huvunja, mama."

"Mchomo mmoja umevunja punje thelathini na mbili? Hilo ni bambo au ni kinu?"

Wafula akageukia ukutani, mabega yakimtikisika.

Mwanatabu akainama akapapasa mdomo wa gunia. "Na hapa pana safu mbili za matundu ya sindano. Kiwandani walishona, wakasahau, wakashona tena?"

Riyadh akamtazama kwa heshima mpya, heshima ya mwizi anapokutana na mwizi mwenziwe. "Kumbe mama ni wa kazi! Niwie radhi. Wafula, lete lile la ndani."

La ndani lilikuwa na mshono mmoja. Katika punje mia zake, chenga zilikuwa mbili, nazo kubwa kubwa. Mwanatabu akatikisa kichwa kukubali, na moyo wake ukaanza kulegea. Huenda kijana anadanganya wageni tu, akajiambia. Nyumbani atakuwa mtu.

Hapo ndipo Wafula alipouliza, "Boss, na yale manne ya arusi nishone leo ama kesho?"

"Leo. Kilo tano tano, usizidishe."

"Kilo tano za nini?" Mwanatabu akauliza.

Riyadh akamweleza kama anayempa mwenzake siri ya mapishi. "Natoa tano nzima, natia tano za chenga. Nzima ni mia na sabini, chenga ni tisini na tano. Kila gunia linanirudishia mia tatu sabini na tano. Kwa manne, elfu moja na mia tano."

"Na wenye arusi?"

"Ni wakwe zangu. Mamake mchumba anauza vitumbua, mama. Maisha yake ni chenga tu, anaziloweka, anazisaga. Punje nzima ataijulia wapi? Maskini, amesoma mpaka darasa la tano."

Ndani ya ninja jasho lilimteremka Mwanatabu mpaka kidevuni. Ni kweli, kwa vitumbua chenga zinatosha, kinu hakijali. Lakini biriani inajali. Chenga hunywa maji mbele ya wenziwe, huiva kabla yao, huvurugika, sufuria lote likashikana. Watu mia tano wangekula uji wenye nyama, na wakitoka pale wangesema mamake Sumeya hajui kupika. Riyadh asingetajwa na mtu.

Alitaka kuondoka na gunia zuri bila kushukiwa, akatoa simu, akalipia kwa M-Pesa, elfu nne mia mbili na hamsini kamili. Ninja lilikuwa limemficha uso, pua na mashavu. Jina halikumficha.

Simu ya Riyadh ikalia mezani. Akasoma ujumbe. Akausoma tena, midomo ikicheza: MWANATABU MWINYI SALIM.

"Boss, mbona umekauka kama papa wa kuanikwa?" akauliza Wafula.

"Mama... mkwe?"

"Darasa la nne," Mwanatabu akasema. "La tano sikufika. Wafula, mwanangu, nipakilie kwenye tuk-tuk."

Nyumbani, Sumeya alisikiliza habari yote amesimama. "Kwa elfu moja na mia tano, mama? Si angeniomba nikampa?" Akachukua simu, akampigia, akaweka sauti wazi.

"Habibti, nimeshabadilisha!" Riyadh hakungoja hata salamu. "Yote manne mazima, wallahi, na la tano naongeza zawadi."

"Riyadh, mama angelipa kwa noti, ungebadilisha?"

"Vipi?"

"Angelipa kwa noti, simu isikutajie jina. Ungebadilisha?"

Upande wa pili ikasikika sauti ya gunia likiburutwa.

"Lakini hakulipa kwa noti," akasema Riyadh.

Sumeya akakata simu.

Ijumaa wazee walikuja kusuluhisha. Ni chenga tu, mwanangu, walisema. Arusi haivunjwi kwa chenga. Sumeya akawamiminia kahawa, kikombe kwa kikombe, akawarudishia bahasha ya mahari kwenye sinia. Nyuma ya pazia Mwanatabu alikuwa ameandaa maneno makali ya kutosha kijiji kizima, na hakuna hata moja lililohitajika. Akakaa chini akalia. Bintiye alikuwa na miaka ishirini na saba, bado hajaolewa, na majirani wasiojua chenga ni nini waliijua vizuri sana hesabu hiyo.