Kitabu Kisicho na Maiti

Ukurasa wa arobaini, na bado walikuwa wanaeleza pazia. Hakuna aliyeuawa, hakuna aliyekimbia, hata mlango haukubishwa. Nilikifunga kile kitabu nikakisukuma hadi mwisho wa meza kama sahani ya uji uliochacha. Mke wangu Epiphanie, aliyekuwa akichambua maharagwe, aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo, naumwa kitabu.

Mwaka huo, 1953, nilikuwa karani wa kupima maziwa kwenye kiwanda cha jibini cha mlowezi mmoja, juu ya vilima vya Masisi, katika Kongo ya Wabelgiji. Nilinuka maziwa tangu Jumatatu mpaka Jumapili. Raha yangu ilikuwa riwaya za polisi, zile za Kifaransa zenye majalada yaliyochanika, walizotupa Wazungu wakihama. Nilizimeza. Lakini nilikuwa nimeomba kadi ambayo serikali iliwapa watu weusi walioitwa "walioendelea", na komisio ya kadi, yaani Wazungu wa kukagua, ilikuwa ikija nyumbani kwako, ikakagua choo, ikahesabu uma, ikakuuliza unasoma nini. Nzabandora wa posta alinyimwa. Walikuta rafu yake imejaa bastola na maiti, wakacheka, wakaandika kwamba akili yake bado ya kitoto.

Niliitaka ile kadi. Mwenye kadi hakuchapwa fimbo. Nilishamwona mtu mzima, baba wa watoto, amelala kifudifudi mbele ya ofisi akichapwa huku watu wakipita na vikapu vyao, na harufu ya siku ile haikunitoka puani.

Basi nikampelekea kitabu cha pazia Édouard Sebarenzi, mwalimu aliyetunza kabati la vitabu la klabu yetu ya makarani. Nikamwambia kama kusoma kwa maana ni huku, afadhali fimbo.

Hakukasirika. "Nani alikupatia hii?"

"Nilijichagulia. Njo hii ilikuwa munene kupita zote."

"Kaka Théoneste, muntu akifika ku muto harukake mara moja mpaka ngambo. Anatafuta jiwe ya kukanyaga." Akaniambia nimwonyeshe riwaya ya polisi iliyoninyima usingizi, na mahali hasa iliponinyima. Nikamfungulia. Ni pale mjane anapoficha ufunguo ndani ya unga mbele ya mtoto wake.

"Na wakati wanapigana bunduki?"

Nikafikiri. "Ile naruka."

"Unaona? Hupendi bunduki. Unapenda muntu mwenye kuficha kitu." Akaingiza mkono kabatini akanitolea kijitabu chembamba. "Hii iko na maiti. Usiogope."

Kilikuwa na maiti, kweli, lakini muuaji alitajwa ukurasa wa kwanza: muuza dawa, mtu mpole. Nilihisi nimepunjwa. Nitafute nini tena? Nikaendelea kwa hasira, na mbele kidogo nikagundua kwamba natafuta jambo jingine: kama yule mtu ataweza kula chakula cha jioni na dada wa marehemu bila kutapika. Nilikimaliza nimesimama kazini, maziwa yakifurika kwenye ndoo yangu.

Kilichofuata kilikuwa na mpelelezi mzee asiyekimbia popote. Anaketi katika mji wa mvua, anakunywa, anatazama. Nilipofika kwenye maelezo ya chumba cha kulia nikaanza kuruka kama kawaida yangu, na mwishoni sikuelewa alimkamataje mtu wake. Nikaenda kulalamika.

"Rudia chumba," Édouard akasema.

Nikarudia. Mezani kulikuwa na sahani mbili zilizotumika, na mjane alikuwa ameapa kwamba alikula peke yake. Nilikuwa nimeuruka ushahidi wenyewe. Tangu siku ile niliyasoma maelezo taratibu, kwa kushuku, na yakaacha kunichosha.

Baadaye akanipa kingine, hakina polisi kabisa: ndugu wawili, shamba la baba, siri ya nani mtoto halali. Kimoja kilinishinda, nikakirudisha nikiona haya. Akakipokea kama mtu anayepokea kofia. "Haikukukamata, basi. Kesho itakukamata, ao hapana. Chukua ingine."

Kati ya hivyo nilijaribu kurudia zile riwaya zangu za zamani, na hapo ndipo kinyaa kiliponishika. Damu ilimwagika kila sura kama mchuzi wa nyanya, na hakuna aliyeifuta. Mtu mweusi alitokea mara moja moja, akibeba sinia au sumu. Nilikuwa nimezisoma miaka na miaka bila kumwona mtu huyo.

Kitabu cha mwisho kabla ya komisio hakikuwa na maiti. Mwanamke anaishi nyumbani kwa baba mkwe, katika mji mdogo. Kila Jumapili mzee anafungua makabati ya mwanamke huyo, anapekua mashuka, kisha wote wanakaa mezani kula. Basi. Nilipoanza kupiga miayo nikakumbuka maneno ya Édouard: jiulize swali lako lile la siku zote, nani anaficha nini. Nikajiuliza. Mwanamke yule alikuwa anaficha chuki. Kila alipokunja kitambaa, alikuwa anaikunja humo ndani. Hakusema neno katika kurasa nyingi, nami nilizisoma moyo ukinidunda.

Walikuja asubuhi, Wazungu watatu. Walikwenda chooni kwanza, wakakaa humo kuliko haja ilivyotaka. Wakainua shuka la kitanda chetu. Wakahesabu uma. Kisha mkubwa wao akaketi kwenye kiti changu, nami nikaketi kwenye kingine, akaniuliza kwa Kifaransa ninasoma nini. Nikamweleza juu ya yule mwanamke na makabati yake. Nilieleza vizuri. Alitikisa kichwa kukubali, akamtazama mwenzake, na niliona kadi inakuja.

Yule kijana wao alikuwa ameingia jikoni. Mlango ulikuwa wazi, nilimwona. Alifunua sufuria ya Epiphanie, akainama akanusa, akakunja uso. Kisha akatoa penseli iliyokuwa nyuma ya sikio lake, iliyong'aa kwa mafuta ya nywele, akakoroga nayo maharagwe yetu aone kilichomo chini.

Nikamtazama mke wangu. Hakumtazama yule kijana. Alikuwa amesimama kando ya meza, anazinyoosha zile uma, moja baada ya moja, zilizokuwa zimenyooka tayari.

Zamani ningeona mwanamke anapanga uma tu. Lakini nilikuwa nimefundishwa kusoma mahali ambapo hakuna kinachotokea, na niliisoma mikono ile neno kwa neno. Kinyaa kilihama kutoka kwa penseli kikaja kwenye kiti nilichokuwa nimekalia, kwenye tabasamu nililokuwa bado nimelivaa.

Nikainuka, nikaingia jikoni, nikauchukua mfuniko mkononi mwa yule kijana, nikaifunika sufuria.

"Bwana," nikasema, kwa Kiswahili, "ile iko chakula ya watu."

Mkubwa wao alifunga mkoba wake. Hawakupiga kelele. Waliagana na sisi kwa adabu, na walipokuwa wakipanda gari nilimsikia mmoja akisema ni hasara, kwa maana kusoma nasoma vizuri.

Kadi haikuja. Fimbo niliendelea kuiogopa kama wengine hadi ilipofutwa.

Siku ile Epiphanie hakunishukuru. Alibeba sufuria mpaka nyuma ya nyumba akayamwaga maharagwe yote, mbwa wakayagombania. Akaisugua kwa mchanga na majivu, akaisuuza, akaisugua tena. Nilisimama karibu nisijue niweke wapi mikono yangu.

"Ulikawia kusimama," akaniambia.

Kisha akanipa ungo wa maharagwe mengine, nikaketi chini nikaanza kuchambua.