Dakika Sita za Lavelle

Mildred Pasternak, msaidizi wa utafiti chuoni, alikuwa ameisikia sauti ile ya mtu mwenye kifafa mara arobaini na moja, na sasa haikumshtua tena. Hilo ndilo lililomchosha.

Katika jaribio lao, mwanafunzi huketishwa peke yake, vipokea sauti masikioni, akiamini wenzake watano wamo vyumba vya jirani wakisimulia taabu za maisha ya chuo. Hawamo, ni sauti za kanda iliyorekodiwa tu. Mmoja huanza kubabaika, kukabwa, kuomba msaada. Nyuma ya ukuta, watafiti wanapima kijana atainuka lini. Akiamini ni yeye tu anayesikia, karibu kila mtu hutoka mbio. Akiamini masikio ni mengi, wengi hubaki, jasho likiwatoka, kila mmoja akidhani mwingine ameshakwenda. Mwanamke mmoja alipouawa majirani wakimsikia bila kutoka, magazeti ya New York yalisema watu wa mji huu wana mioyo ya mawe. Mildred hakuyasahau maneno hayo, wala hakuyasamehe.

Dakika sita zikitimia, mlango hufunguliwa na mwanafunzi huambiwa ukweli wote. Asiondoke na maiti kichwani.

Jumanne ile Eugene Lavelle hakuinuka. Kanda ikakoma. Wasaidizi wenzake wakaendelea na kazi: Gus akaandika, Irwin akarudisha kanda mwanzo, Mildred akatafuta kadi ya anayefuata.

"Lavelle alisemaje?" akauliza baadaye.

"Si umeongea naye wewe, Bi Mildred?" Gus akashangaa.

"Mimi? Nilikuona umesimama."

"Nilisimama kunyoosha mgongo! Irwin?"

"Msinitazame mimi. Nilidhani mmoja wenu…"

Wakaufungua mlango. Kiti kitupu, koti bado kitini, na nje theluji.

"Profesa akijua…" Irwin akaanza.

"Profesa baadaye! Mtoto wa watu anadhani ameua."

Mildred alimkuta kwenye ngazi za bweni lake, anatetemeka, shati tu mwilini.

"Amekufa?" Lavelle akauliza kabla hajasalimiwa.

"Hakuna aliyekufa, mwanangu. Hakukuwa na mgonjwa. Ilikuwa kanda."

"Unanifariji tu."

"Nisingepanda kilima chote hiki na magoti haya kuja kukufariji. Twende ukaione."

"Nilisikia anakufa nikakaa! Ningewezaje kujua wale wengine wanafanya nini? Nikasema, labda mmoja ameshatoka…"

"Hivyo ndivyo wanavyosema karibu wote. Si roho yako mbaya."

Lavelle akamwangalia, macho mekundu. "Basi kwa nini hamkuja kuniambia? Nimengoja mpaka nikashindwa. Mlikuwa wangapi?"

Mildred alikuwa na jibu la kitaalamu, la kurasa tatu, aliloliandika mwenyewe. Lakini alikuwa amechoka kuwasomea watu.

"Watatu," akasema. "Kila mmoja alidhani mwenzake amekwenda."

Lavelle akacheka kicheko kibaya, cha karibu kilio. Mildred akamvika koti aliloliacha kitini.

"Mtajiandika na nyinyi kwenye karatasi zenu?"

"Leo hiihii," akasema. "Twende ukanisimamie."